Orodha ya istilahi inagoma: dalili na vyanzo kabla ya kutafsiri kwenda Kihindi

Nitashika kazi moja tu niliyoifanya mwanzo mpaka mwisho, manake ukiongelea istilahi juu juu unaishia kusema vitu ambavyo kila mtu anavijua. Ilikuwa mwongozo wa kidhibiti cha pampu ya sola, ile pampu ya kuvuta maji kisimani kwa umeme wa jua, unaotafsiriwa kutoka Kiingereza kwenda Kihindi kwa ajili ya wakulima na mafundi wa kaskazini mwa India. Faili zilikuwa tatu, kitabu cha fundi, kitabu cha mkulima, na maandishi yote yanayotokea kwenye skrini ya kifaa na kwenye app ya simu. Mimi nilishika upande wa istilahi, yaani kuchuja maneno ya fani kutoka matini chanzi kabla mtafsiri hajagusa hata sentensi moja, kuyapeleka kwa mteja ayapitishe, na kuhakikisha yaliyopitishwa ndo yanayotumika. Kihindi chenyewe kilikuwa mikononi mwa watafsiri wawili, dada mmoja wa Lucknow na kaka mmoja wa Indore. Mimi Devanagari, yaani mwandiko wa Kihindi, naisoma, ila polepole.

Kitu kimoja ukishike unaposoma: shida ikitokea kwenye hatua fulani, usiitafute hapo hapo, rudi hatua moja nyuma. Mteja akikaa kimya, angalia orodha uliyomtumia. Orodha ikiwa chafu, angalia faili ulizoziingiza. Nimepoteza siku nyingi kutengeneza mahali ambapo hapajaharibika.

Dalili: orodha ina maelfu ya mistari na nyingi ni takataka

Umeweka faili kwenye programu ya kuchuja, imekurudishia mistari elfu tatu na mia kadhaa, na juu kabisa kuna `following step`, `user manual`, `page left blank` na jina la kampuni lenyewe. Watu wengi hapa wanakimbilia kupandisha kiwango, wanaambia programu isilete neno lililotokea chini ya mara kumi. Usifanye hivyo kwanza. Ukipandisha kiwango takataka zitabaki, manake zenyewe ndo zimetokea mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, na utakachokuwa umefukuza ni istilahi halisi zilizotokea mara nne au tano.

Chanzo kwa kawaida ni marudio. PDF ikigeuzwa kuwa maandishi inakuja na kichwa cha ukurasa na mstari wa chini wa kila ukurasa, kwa hiyo kitabu cha kurasa 120 kinakupa sentensi ileile mara 120, na onyo la umeme lililonakiliwa kila sura linajifanya ndo roho ya kitabu. Kuligundua ni rahisi, panga matini iwe sentensi moja kwa mstari halafu uliza ni mistari gani inajirudia zaidi:

```
sort matini.txt | uniq -c | sort -rn | head -40
```

Ukiona mistari arobaini ya juu ni vichwa vya kurasa na maonyo yaleyale, umepata jibu. Chuja kutoka kwenye nakala ambayo kila sentensi iko mara moja tu, `sort -u matini.txt > safi.txt`, ila ile faili ya asili usiitupe kwa sababu utaihitaji ukitafuta neno limekaa wapi. Kwenye kazi yetu hatua hii peke yake iliondoa zaidi ya nusu ya mistari, na sikuwa nimegusa kiwango chochote.

Kuna chanzo kingine kidogo cha PDF hiyohiyo. Herufi `f` na `i` zikiwa zimeunganishwa kwenye fonti, zinapogeuzwa zinaweza kupotea kabisa, unaanza kuona `con guration` na `ef ciency`. Na neno lililokatwa mwisho wa mstari kwa kistari linahesabiwa kama maneno mawili. Ukiona vipande vya namna hiyo usivisafishe kimoja kimoja, mwombe mteja faili la asili alilotengenezea PDF. Mara nyingi analo, hajaombwa tu.

Dalili: kuna vipande vya maneno, na hujui kipi ndo istilahi

Hii ndo sehemu ninayoipenda na ndo sehemu iliyonifundisha zaidi. Programu inakuletea `dry run` mara 46, `dry run protection` mara 41, na `run protection` mara 41. Jicho linaona haraka kwamba `run protection` si kitu, lakini ukiwa na mistari elfu moja jicho linachoka, kwa hiyo unahitaji hesabu ya kuondoa kilichomo ndani ya kingine. Inaitwa C-value, na wazo lake ni la kawaida sana: chukua idadi ya neno, toa zile mara ambazo lilitokea likiwa ndani ya neno refu zaidi, halafu zidisha kwa uzito unaokua kadiri neno linavyokuwa refu.

```
C(a) = log2(idadi ya maneno katika a) × ( f(a) − wastani wa f(b) )
```

Hapo `f(a)` ni mara ambazo `a` imetokea, na `b` ni kila istilahi ndefu yenye `a` ndani yake. Kama hakuna ndefu, hutoi kitu. Tufanye hesabu. `run protection`: 41 kutoa 41, sifuri, iondoke. `dry run protection`: haimo ndani ya kingine, 41 mara 1.58, karibu 65, inabaki juu. `dry run`: 46 kutoa 41 ni 5, mara 1, inabaki na 5.

Sasa hiyo tano ndogo ndo ilikuwa na hatari yote. Kwenye kitabu cha fundi `dry run` ni pampu kuzunguka bila maji, kisima kimekauka au maji yameshuka chini ya pampu, na kidhibiti kinaizima ili mota isiungue. Lakini nilipofungua zile sentensi tano nikakuta mbili ziko kwenye sura ya kuwasha kifaa mara ya kwanza, na pale mwandishi alimaanisha jaribio, yaani pitia mipangilio yote kabla hujaanza kazi yenyewe. Maneno yaleyale, kitabu kilekile, maana mbili ambazo moja ni hatari na nyingine ni maelekezo ya kawaida. Kama ningepeleka mstari mmoja wa `dry run` ukapitishwa na Kihindi kimoja, fundi angeelekezwa azungushe pampu bila maji siku ya kwanza. Namaanisha hivyo kabisa.

Kwa hiyo dawa ya vipande ni hesabu, lakini baada ya hesabu lazima usome sentensi. Kila neno linalobaki fungua sentensi tano, na zitoke faili tofauti au sura tofauti, si tano za kwanza. Maana zikiwa mbili, fanya mistari miwili kwenye jedwali na kila mmoja uwe na sentensi yake. Na kama mteja anakubali, mwombe abadilishe Kiingereza chenyewe. Wetu alikubali, zile sentensi mbili zikaandikwa upya na mkanganyiko ukaisha kwenye chanzo.

Dalili: watafsiri wanauliza maneno ambayo hayamo kwenye orodha

Orodha imesafishwa, imepungua, inapendeza, halafu siku ya pili dada wa Lucknow ananiandikia, `head` tumeamua nini? Natafuta, haimo. Kesho yake `string`. Keshokutwa `prime`. Ukishaona maswali matatu ya namna hii ndani ya wiki, simamisha, orodha ina shimo na shimo lina umbo lake.

Namna ya kulipima shimo: chukua kurasa mbili bila kuchagua, moja ya kitabu cha fundi na moja ya mkulima, zisome na mtafsiri kwa simu mkiwa na kalamu, kila neno ambalo yeye angesimama kuliwaza lipigieni mstari. Halafu angalia mangapi yamo kwenye orodha. Sisi tulipiga mstari maneno 30 na 9 hayakuwemo, ambayo ni mengi. Lakini hesabu si ndo muhimu, muhimu ni kuangalia yale 9 ni ya aina gani, manake yatakuwa yanafanana.

Yetu yalikuwa aina tatu. Ya kwanza ni neno moja la kawaida lenye maana ya fani. `head` kwa watu wa pampu ni kimo ambacho maji yanapaswa kupandishwa, kinapimwa kwa mita, na bila hicho huwezi kuchagua pampu. `string` kwa watu wa sola ni paneli zilizofungwa mfululizo kwenye mstari mmoja. Programu nyingi zinapima neno kwa kulinganisha na Kiingereza cha kawaida cha magazeti, yaani linalojitokeza kwako kuliko kule ndo linapanda juu, sasa `head` kwenye magazeti limejaa kila mahali, kwa hiyo linashuka mpaka halionekani. Hapa hakuna namba ya kukusaidia. Nenda kwenye majedwali ya vipimo, ambako kila kitu kina kizio chake, mita, volti, ampea, na chukua kila neno lililokaa pembeni ya kizio hata kama ni la kawaida kiasi gani.

Aina ya pili ni vitenzi. Programu yetu ilikuwa imepangwa itafute nomino na vivumishi vyake tu, na wengi wanapanga hivyo kwa sababu istilahi nyingi ni nomino. Basi `prime`, kuijaza maji pampu iliyo juu ya ardhi kabla ya kuiwasha ili iweze kuvuta, ikaachwa. `trip`, kifaa kujikata chenyewe kikiona hitilafu, ikaachwa pia, ilhali ndo kitu ambacho mkulima atampigia fundi simu kuhusu hicho. Endesha mara ya pili kwa vitenzi peke yake, orodha yake inakuwa fupi na unaipitia kwa mkono chini ya saa moja.

Aina ya tatu ni maandishi ya skrini. Kitufe kinaandikwa mara moja tu kwenye faili, kwa hiyo kiwango chochote utakachoweka kitakiondoa, lakini ndicho kinachosomwa kila siku na kila kitabu kinakirejelea. Hivi usivichuje kabisa. Vyote vinaingia, kwenye jedwali lake tofauti, na kila kimoja na nafasi yake ya herufi, manake skrini ya kidhibiti chetu ilikuwa na herufi 16 kwa mstari na hapo neno zuri lakini refu halina msaada.

Dalili: mteja hajibu, au anajibu "yote sawa" ndani ya saa moja

Mimi haya mawili nayaweka pamoja, ni ugonjwa mmoja. Uliyemtumia hawezi kujibu ulichomuuliza.

Kwetu ilikuwa hivi. Mtu wa mawasiliano upande wa mteja alikuwa mhandisi, anaijua pampu hiyo kuliko mtu yeyote, lakini ofisi yao iko Chennai, kusini, ambako lugha ya watu ni Kitamil, na Kihindi yeye alikisoma kidogo shuleni. Nikamtumia jedwali la mistari 400, Kiingereza kushoto, Kihindi kulia, kisanduku cha tiki mwisho. Wiki mbili kimya. Nikakumbusha, nikapata tiki 400 kwa mpigo. Nilijuaje hakusoma? Kwenye mistari kadhaa nilikuwa nimeweka mapendekezo mawili, A na B, na akatia tiki bila kuchagua. Weka mistari ya namna hiyo kila mara, si kwa kumtega mtu, ni kwamba ndo njia pekee ya kujua kama jicho limepita pale.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba nilikuwa namuuliza maswali mawili kama moja. Swali la kwanza ni je, hili ni istilahi yenu na linamaanisha nini, na hilo mhandisi wa Chennai analijibu kwa Kiingereza bila shida. Swali la pili ni je, kwa Kihindi tulisemeje, na hilo analijibu mtu anayezungumza Kihindi na watumiaji, kwao alikuwa msimamizi wa mafundi wa Rajasthan, mtu ambaye anapanda na kushuka visima na hajawahi kuulizwa chochote kuhusu kitabu. Ukiyatenganisha, kila mmoja anapata kazi anayoiweza.

Raundi ya kwanza haina Kihindi kabisa. Mstari una istilahi, maelezo ya sentensi moja, sentensi halisi kutoka kitabuni, na nafasi ya kusema ndiyo, hapana, au maana si hiyo. Mhandisi alifuta mistari mingi mwenyewe, akaunganisha visawe, kwa mfano kitabu kilikuwa kinasema `controller`, `drive` na `unit` kwa kifaa kimoja kilekile, akaamua kimoja. Kutoka 400 tukabaki na 164. Ni yeye aliyeipunguza, si mimi, na hiyo ina uzito baadaye kukiwa na ubishi.

Raundi ya pili ndo Kihindi, na hapo usipeleke 164 kwa mara moja. Tulipeleka 40 kwa 40, kila kundi na tarehe ya kurudi, na kundi la kwanza tuliongea kwa simu. Yule msimamizi hakupenda kuandika, alipenda kuongea, basi dada wa Lucknow akawa anamsomea sentensi nzima kwa Kihindi na yeye anasema mafundi wake wangesemaje. Makundi mengine yalirudi haraka zaidi baada ya simu hiyo moja.

Na jambo hili usilisahau kwenye raundi ya pili, weka safu ya jinsia. Kihindi kina jinsia ya kisarufi, ya kiume na ya kike, na maneno ya kukopa nayo yanapewa. `मोटर` ni ya kike, `पंप` ni la kiume, kwa hiyo "imewaka" inaandikwa `मोटर चालू हुई` lakini `पंप चालू हुआ`. Kwa sisi wenye ngeli hili halihitaji maelezo marefu, ni kama umchanganye mtu kati ya `imewaka` na `kimewaka`. Kama app inatunga sentensi kwa kuchomeka jina la kifaa mahali, jinsia isipoamuliwa mapema nusu ya ujumbe utakuwa na makosa ya sarufi, na mteja atadhani watafsiri hawajui lugha yao.

Dalili: yaliyopitishwa yanageuzwa katikati ya kazi

Kitabu kimefika nusu, mtu mwingine wa mteja ambaye hukuwahi kumsikia anaandika kwamba hiki si Kihindi, hiki ni Kiingereza kwa herufi za Kihindi. Au kinyume chake, kwamba hakuna mkulima atakayeelewa haya.

Chanzo hapa hakiko kwenye neno lolote moja. Hamkuamua ni Kihindi kipi. Kihindi cha fani kina njia mbili zinazotembea sambamba. Iko ile ya serikali, ambayo Katiba ya India kifungu cha 351 inaielekeza ichote msamiati hasa kutoka Kisanskriti, na Tume ya Istilahi za Sayansi na Ufundi iliyoundwa mwaka 1961 imetoa faharasa za kila fani kwa njia hiyo. Na iko ile ya karakana, ambayo imekopa Kiingereza na kukitamka kwa ulimi wake. Kufunga waya wa ardhini unaweza kuuita `भूसंपर्कन` au `अर्थिंग`. Kidhibiti kinaweza kuwa `नियंत्रक` au `कंट्रोलर`. Zote ni sahihi, lakini `नियंत्रक` ni neno lilelile lililomo kwenye cheo cha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa India, na msimamizi wa Rajasthan alisema fundi wake akilisoma anawaza ofisi, hawazi boksi lililofungwa kwenye nguzo.

Kabla ya kupeleka orodha yote peleka maneno manane tu, yale ambayo njia mbili zinaachana wazi, na uulize kitu kimoja zaidi: kitabu hiki kitasomwa na nani mwingine? Tulipouliza tukaambiwa kuna karatasi ya vipimo itakayoambatanishwa kwenye maombi ya ruzuku ya pampu za sola, ule mpango wa serikali kuu unaoitwa PM-KUSUM ulioanza 2019. Hiyo karatasi inasomwa na maofisa, na maofisa wanategemea lugha ya serikali. Kwa hiyo tukaandika kanuni ya mistari mitatu. Vitu ambavyo fundi anavishika kwa mkono, neno la karakana. Maonyo na vitendo, Kihindi cha kawaida cha nyumbani. Karatasi ya vipimo, neno la Tume kwanza na la karakana likifuata pale linapotajwa mara ya kwanza. Watu watatu wa mteja wakaiweka saini, na mabadiliko yaliyokuja baada ya hapo yalikuwa manne, yote ya neno moja moja.

Tena waambie tarehe ya kufunga. Baada ya tarehe hiyo neno linaweza kubadilika, lakini linaingia kwenye faili la mabadiliko na sababu yake, jina la aliyeamua, na idadi ya sentensi zinazoguswa. Mtu akiona kwamba kubadilisha neno lake kunagusa sentensi 212 anafikiri mara mbili, na kama bado analitaka basi kweli analihitaji.

Dalili: istilahi zimepitishwa, lakini ukaguzi unalia kila mahali

Watafsiri wanaapa wametumia neno lililopitishwa, wewe unaliona kwa macho yako liko pale, na programu ya ukaguzi inasema halipo. Hapa niliwahi kumlaumu mtafsiri bure na nikamwomba radhi, manake kosa lilikuwa kwenye herufi.

Devanagari ina nukta inayowekwa chini ya herufi kubadilisha sauti. Gari yetu ya Kiswahili ilitoka kwenye `गाड़ी` yao, na ile `ड़` ya katikati inaweza kuhifadhiwa kwenye kompyuta kwa njia mbili, kama herufi moja U+095C au kama mbili, U+0921 na nukta U+093C. Jicho halioni tofauti, kompyuta inaona maneno mawili. Chukua fyuzi: `फ़्यूज़` yenye nukta kwa njia hii, yenye nukta kwa njia ile, na `फ्यूज` isiyo na nukta kabisa ambayo wengi ndo wanayoandika. Juu ya hapo kuna `पंप` na `पम्प`, tahajia mbili za neno moja, na kuna alama zisizoonekana zinazoingia mtu akinakili kutoka kwenye wavuti. Kabla ya kulinganisha sawazisha pande zote mbili, orodha na tafsiri, kwa NFC, kanuni ya Unicode inayofanya herufi ihifadhiwe kwa njia moja tu:

```python
import unicodedata
def sawazisha(s):
    s = unicodedata.normalize("NFC", s)
    return s.replace("\u200c", "").replace("\u200d", "")
```

Kwa herufi hizi za nukta, NFC inazivunja ziwe mbili, tofauti na inavyofanya kwa herufi nyingi za Kilatini, kwa hiyo usishangae neno likirefuka. Na lifanye hili kwenye nakala ya kukagulia tu, faili la mteja liache kama lilivyo. Ila NFC haitasawazisha `पंप` na `पम्प`, wala fyuzi yenye nukta na isiyo na nukta, hizo ni tahajia na lazima mteja apitishe moja. Ndo maana siku hizi kanuni ya nukta ya chini na ya `ं`, ile nukta ya juu ya `पंप`, naiweka kwenye yale maneno manane ya mwanzo.

Kelele zikibaki baada ya hapo, sababu ni kwamba neno la Kihindi linabadilika mwisho wake. Mshtuko wa umeme ni `झटका`, lakini likifuatwa na kihusishi linakuwa `झटके`, na kwa wingi `झटकों`. Ukaguzi unaotafuta neno zima utalia kila mara. Iambie programu itafute shina `झटक`, na kwa maneno ya kiume yanayoishia na `ा` fanya hivyo kwa yote, ni machache, kwenye 164 yetu hayakufika ishirini.

Na kama mteja anakuandikia kwamba jedwali lako lote ni alama za ajabu, hajaharibu kitu. Umemtumia CSV na Excel yake imeifungua kwa usimbaji mwingine. Mtumie `.xlsx`, au hifadhi CSV kama `UTF-8` yenye alama ya BOM mwanzoni, halafu mwambie atafute neno kama `गाड़ी` kwanza aone kama linasomeka kabla hajaanza kujaza chochote.